Aliyetazama nusu ya video: je, ni mteja au ni mtazamaji tu?

Mpwa wangu ana nyumba ya vyumba vinne kule Shela anayoipangisha kwa wageni, na jahazi la kuwatembeza jioni. Mwaka jana, wiki chache kabla ya likizo ya Desemba, alinijia barazani na simu mkononi. "Mjomba, tazama mwenyewe," akasema. "Waliotazama nusu ya video wananigharimu nusu ya bei ya hawa wengine. Nataka pesa zote nizitie huku."

Nilizitazama hesabu zake, nikamwambia angoje kwanza. Tulikaa na daftari siku mbili tatu, na tulipomaliza ile nusu ya bei ilikuwa imegeuka kitu kingine kabisa. Nayaandika haya kwa sababu najua si yeye peke yake. Siku hizi kila mwenye chumba cha kupangisha, jahazi la matembezi au duka la vikoi hapa Lamu analipia matangazo ya Facebook na Instagram, na wengi wameshasikia kwamba aliyeitazama video yako ndiye wa kumfuata. Maneno hayo yana ukweli ndani yake, lakini ukweli huo una masharti. Hesabu nitakazozitoa nimezikata zikae sawasawa ili zifuatike vizuri, na bei za matangazo hupanda na kushuka, kwa hiyo usizichukue kuwa kipimo cha tangazo lako.

Kwanza nieleze jambo lenyewe. Unatengeneza video fupi na kuilipia ionekane kwa watu wasiokujua, tuseme wakazi wa Nairobi na Mombasa. Mtandao unaweka kumbukumbu ya nani alitazama na kwa kiasi gani. Ukiingia kwenye Ads Manager, sehemu ya Audiences, unaweza kuunda kile wanachokiita Custom Audience, ukachagua Video kuwa chanzo chake. Hapo utaulizwa unataka watu gani: waliotazama sekunde 3, sekunde 10, au waliofika asilimia 25, 50, 75 au 95 ya video. Utaulizwa pia wa siku ngapi zilizopita, na mwisho wake ni siku 365. Ukishamaliza unapata kundi ambalo unaweza kulionyesha tangazo la pili. Hupewi majina wala nambari za simu za watu hao. Unachopata ni ruhusa ya kusema nao tena, na makadirio ya idadi yao. Nitawaita kundi la nusu. Wale ambao hawajawahi kukuona nitawaita kundi baridi, kwa kuwa ndivyo wafanyao kazi hii wanavyowaita.

Sasa hesabu ya mpwa wangu. Video yake ilikuwa ya sekunde 30. Aliilipia Sh6,000, ikawafikia watu kama 40,000 wa Nairobi na Mombasa, na waliofika nusu walikuwa 3,200 hivi. Halafu akatengeneza tangazo la pili: picha ya chumba, bei ya usiku mmoja, na kitufe cha kumwandikia WhatsApp. Tangazo hilo moja akaliweka mahali pawili, kwa kundi la nusu na kwa kundi baridi, kila upande Sh3,000 kwa siku kumi.

Hapo alifanya jambo la busara ambalo wengi hulikosea, nalo ni kutumia tangazo lile lile pande zote mbili. Ukiwaonyesha kundi la nusu picha ya chumba na kundi baridi ukawaonyesha jahazi, halafu upande mmoja ukashinda, hutajua kilichoshinda ni kundi au ni picha. Na pesa ziwe sawa, na siku ziwe zile zile. Wiki moja kabla ya shule kufungwa haifanani na wiki moja baada ya shule kufunguliwa.

Lakini kulikuwa na makosa mawili katika kupanga, na tuliyaona kabla ya siku ya pili kwisha. La kwanza, kundi baridi halikuwa baridi. Hakuwatoa wale 3,200. Kwa hiyo mtu aliyetazama nusu ya video angeweza kuonyeshwa tangazo kutoka upande wa baridi, na akiandika anahesabiwa huko. Dawa yake ni rahisi: unapopanga upande wa baridi, unaingia mahali pa kuwatoa watu, palipoandikwa Exclude, unalitia lile kundi la nusu. Usipofanya hivyo unalinganisha maji ya vuguvugu na maji mengine ya vuguvugu.

La pili ni la hila zaidi. Siku hizi Meta hukupa mpango unaoitwa Advantage+ audience, na ndio unaokuja wenyewe usipobadilisha kitu. Katika mpango huo kundi unalolitia huchukuliwa kuwa ni pendekezo tu. Mtambo unaweza kuanza na watu wako kisha ukatoka nje kutafuta wengine unaodhani wataitika. Kwa biashara ya kila siku huenda hilo likafaa. Kwa kulinganisha linaharibu kila kitu, maana kundi lako la nusu limechanganywa na watu ambao hawajaiona video hata sekunde moja. Ukitaka kundi libaki lilivyo, tafuta pale panapokuruhusu kurudi kwenye mpango wa zamani wa kuchagua watu. Mpwa wangu aligundua hivi: kundi lilikuwa na watu 3,200, lakini safu ya Reach ilisema tangazo limeshawafikia zaidi ya 5,000. Ukiona idadi ya waliofikiwa imeipita idadi ya kundi lenyewe, usiulize tena, kuna mlango uko wazi. Tukafunga, tukaanza upya.

Baada ya siku kumi matokeo yakawa haya. Upande wa nusu, tangazo liliwafikia watu 2,400, kila mmoja akaliona wastani wa mara 4. Walioandika WhatsApp walikuwa 48, na waliotuma arubuni ya chumba wakawa 6. Upande wa baridi liliwafikia watu 21,000, kila mmoja mara moja na kitu. Walioandika 40, waliotuma arubuni 3. Gawanya Sh3,000 kwa 6 unapata Sh500 kwa kila arubuni upande wa nusu. Gawanya kwa 3 unapata Sh1,000 upande wa baridi. Ndiyo ile nusu ya bei aliyonijia nayo.

Nikamuuliza swali moja: "Hao 3,200 uliwapata bure?"

Akanyamaza kidogo. "Video niliilipia elfu sita, mjomba. Lakini hizo zilikwisha kwenda."

Zilikwenda, ndiyo, lakini zilikwenda kuwatafuta hao hao. Kundi la nusu si mvua iliyonyesha yenyewe. Ukizirudisha zile Sh6,000 kwenye hesabu, upande wa nusu umekula Sh9,000 kwa arubuni 6, yaani Sh1,500 kwa kila moja. Upande wa baridi umebaki Sh1,000. Aliyekuwa rahisi amekuwa ghali. Kosa hili ndilo ninaloliona zaidi kuliko mengine yote, na skrini haikusaidii kuliona, kwa sababu video imekaa mstari wake na tangazo la pili limekaa mstari mwingine. Kila mstari husema habari zake tu.

Sitaki kumwonea mpwa wangu. Ana hoja, na hoja yenyewe ni kwamba kundi hilo halikwisha kwa tangazo moja. Atalitumia tena Pasaka, na tena Agosti. Kwa hiyo si haki kuitwika Desemba mzigo wote wa Sh6,000. Ukilitumia kundi mara tatu na ukaigawa gharama sawa, kila msimu unabeba Sh2,000, na upande wa nusu unakuwa Sh5,000 kwa arubuni 6, kama Sh830 hivi kwa moja. Hapo umerudi kuwa rahisi kidogo kuliko baridi. Lakini hesabu hii inadhani kwamba aliyetazama jahazi Novemba bado anawaza Lamu mwezi wa Agosti. Mimi sidhani. Mtu anayepanga safari ya familia huwaza wiki mbili tatu, akaamua au akaacha. Ukichukua watazamaji wa siku 365 unapata kundi kubwa lililojaa watu waliokwisha kwenda Diani na kurudi. Wa siku 30 au 60 ni wachache, ila bado wamo kwenye shauri.

Tuje kwenye zile arubuni zenyewe, 6 kwa 3. Mpwa wangu aliona mara mbili. Mimi niliona tisa. Chukua shilingi, irushe mara tisa, uhesabu vichwa na mikia. Ukirudia mchezo huo siku nzima utakuta karibu nusu ya mizunguko inatoka 6 kwa 3 au zaidi ya hapo, upande mmoja au mwingine, na shilingi haina upendeleo wowote. Maana yake, hata kama makundi mawili yana nguvu sawasawa kabisa, matokeo kama ya mpwa wangu yangetokea karibu mara moja kati ya kila mara mbili. Huo si ushahidi wa kuhamishia pesa zote.

Ingekuwa 20 kwa 10 je? Uwiano ni ule ule, mara mbili, lakini sasa shilingi isiyo na upendeleo ingefika hapo takriban mara 1 kati ya 10. Na 40 kwa 20, kama mara 1 kati ya 70. Hapo mtu anaanza kuamini. Nyumba ya vyumba vinne haitapata arubuni 60 kwa msimu mmoja, na ndiyo shida ya wafanyabiashara wadogo: tunalinganisha vitu kwa idadi isiyotosha. Njia iliyobaki ni kuzikusanya hesabu za misimu kadhaa katika daftari moja, kwa mpangilio usiobadilika, mpaka zifike mahali pa kusema kitu. Njia nyingine ni kuhesabu ujumbe wa WhatsApp badala ya arubuni, kwa kuwa ujumbe ni mwingi. Lakini tazama kilichotokea: kwa ujumbe ilikuwa 48 kwa 40, karibu sawa. Tofauti yote ilikuwa kwenye arubuni, pale palipo na idadi ndogo. Ujumbe ni mwingi na mwepesi, arubuni ni chache na nzito, na huwezi kupata vyote viwili kwa bei moja.

Hili la ujumbe lina jambo moja la mkononi. Skrini itakuambia mazungumzo mangapi yalianza kutoka kila upande, lakini haitakuambia nani kati yao alituma arubuni wiki tatu baadaye. Hilo utalijua wewe tu. Tulichofanya ni hivi: tangazo la WhatsApp linakuruhusu kuandika mapema neno la kwanza la mteja, yeye anabonyeza tu kulituma. Upande wa nusu tukaandika "Habari, naulizia chumba Shela." Upande wa baridi, "Habari, naulizia vyumba Shela." Herufi mbili tu, mteja hazioni, lakini mwenye simu anajua kila mtu ametokea wapi, hata akija kulipa baada ya mwezi. Wapo wanaofuta na kuandika yao. Hao tuliwaweka safu ya peke yao, hatukuwabahatisha.

Na daftari hilo ndilo lililofichua jambo kubwa zaidi. Kati ya wale sita wa upande wa nusu, wawili walikuwa wageni wake wa zamani. Nambari yake wanayo simuni. Mmoja alikaa pale Pasaka. Waliiona video, wakaikumbuka nyumba, wakaitazama mpaka mwisho kwa mapenzi, kisha tangazo la pili likawakuta njiani wakija. Je, tangazo ndilo lililowaleta?

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote. Mtu hatazami nusu ya video kwa bahati. Aliyetazama nusu ni mtu ambaye tayari ana haja au ana mapenzi na kitu chako. Kwa hiyo ni lazima kundi la nusu lionekane bora kuliko kundi baridi, hata kama tangazo la pili halikufanya kazi yoyote. Ni kama kusimama gatini Mokowe ukawagawia vikaratasi vya Lamu watu wanaopanda boti ya Lamu, kisha ujisifu kwamba karibu wote waliopewa walifika. Kulinganisha nusu na baridi kunakujulisha nani anakaribia kununua. Hakukujulishi tangazo lako limemsukuma nani.

Ukitaka kulijua hilo la pili, unalinganisha nusu na nusu. Wagawe waliotazama mafungu mawili, fungu moja lionyeshwe tangazo la pili, jingine lisionyeshwe chochote, kisha uhesabu arubuni za kila fungu. Makampuni makubwa hufanya hivyo kwa msaada wa mtandao wenyewe, ambao huwaweka watu kando kwa kura. Mwenye vyumba vinne hana mtaji wa jaribio la namna hiyo. Lakini anaweza kutumia miji. Wiki mbili unawaonyesha watazamaji wa Nairobi na kuwaacha wa Mombasa. Wiki mbili zinazofuata unageuza. Kila mgeni anayeandika unamuuliza anatoka wapi, jambo ambalo mwenye nyumba huuliza hata hivyo. Kama arubuni za Nairobi hazipandi wakati tangazo liko Nairobi, wala hazishuki likiondoka, basi ulikuwa unalipa kuwaamsha watu walio macho. Si kipimo safi, maana Nairobi na Mombasa ni watu tofauti na wiki hazifanani. Kule kugeuza ndiko kunakopunguza kasoro hiyo kidogo.

Wale wageni wa zamani wangeweza kutolewa pande zote mbili kwa kupandisha orodha ya nambari zao kwenye mtandao. Mpwa wangu alitaka kufanya hivyo usiku ule ule. Nikamzuia. Nambari ya simu ya mgeni ni taarifa yake binafsi chini ya Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019, na mgeni alikupa ili umfungulie mlango, hakukupa uipeleke kwingine. Ukiitaka kwa kazi hiyo, muombe ruhusa anapojiandikisha. Kwa sasa ilitosha kuwawekea alama daftarini na kutowahesabu. Wakabaki wanne kwa watatu. Upande wa baridi hakukuwa na mgeni wa zamani hata mmoja.

Nimesema sana hesabu, niseme sasa kuhusu video yenyewe, maana hapo ndipo mpwa wangu alipoweza kurekebisha kitu kwa mkono wake.

Nusu ya sekunde 30 ni sekunde 15. Nusu ya video ya sekunde 6 ni sekunde 3, ambazo mtu huzipita kidole kikiwa bado hewani. Nusu ya video ya dakika mbili ni dakika nzima, na anayekaa dakika nzima mbele ya tangazo ni mtu adimu. Kwa hiyo neno nusu peke yake halina uzito maalumu, na makundi ya nusu ya video mbili zenye urefu tofauti hayalinganishiki. Tena ujue kwamba ile safu ya skrini inayohesabu video kufika asilimia 50 huhesabu mara ilizochezwa, si watu, na humhesabu pia aliyeruka mbele mpaka hapo. Usishangae idadi hiyo ikiwa kubwa kuliko kundi lako.

Video ya mpwa wangu ilianza na jahazi likitweka tanga, jua linazama nyuma ya miti ya Manda, sauti ya tarabu. Sekunde 20 nzuri sana. Chumba kilikuja baadaye, na bei ilikuja sekunde tano za mwisho. Sasa fikiri: ni nani aliyefika sekunde ya 15? Mpenda machweo. Hajaona kitanda, hajaona bei. Kijana wa chuo asiye na nauli ya basi mpaka Mokowe yumo humo pamoja na mama wa Nairobi anayetafuta mahali pa watoto watatu, na mtambo hauna njia ya kuwatenganisha, kwa sababu mpaka hapo video haijawatenganisha.

Kulikuwa na fungu jingine pia. Video ilikuwa imewekwa kwenye ukurasa wake, si kwenye tangazo tu, na kundi la watazamaji hukusanya hata wale walioitazama bila kulipiwa. Ikasambazwa, kama inavyosambazwa kila picha nzuri ya Lamu. Vijana wa Shela walioliona jahazi wanalolijua walitazama mpaka mwisho. Watu wa Amu walioko Muscat na Jeddah walitazama mpaka mwisho na pengine mara mbili, na macho yakawalenga. Hao hawatafuti chumba cha kupanga, wana nyumba za mama zao. Kwa hiyo tangazo la pili liwekewe miji hata kama la kwanza liliwekewa. Usitegemee kwamba kundi limebeba mipaka ya tangazo lililolizaa.

Tuliikata video upya. Tanga sekunde nne, mlango wa nyumba na chumba sekunde sita, kisha bei ya usiku kwa maandishi makubwa ikiwa kwenye sekunde ya 11, na ndipo jahazi likarudi. Maandishi ni lazima, kwani watu wengi hutazama sauti ikiwa imezimwa. Waliofika nusu walipungua vibaya, na mpwa wangu alinuna siku nzima. Lakini anayebaki sekunde ya 15 sasa ameiona bei na hakuondoka. Ujumbe wa "bei gani?" kisha kimya, ambao zamani ulikuwa ukimlaza simu mkononi, ukapungua naye akaliona mwenyewe.

Neno moja kuhusu kuchosha watu. Kundi la nusu ni dogo, na pesa zikiingia nyingi hazina pa kwenda ila kwa watu wale wale. Kuna safu iitwayo Frequency inayosema kila mtu ameliona tangazo wastani wa mara ngapi. Katika zile siku kumi, siku tano za mwanzo zilileta ujumbe 35 na tano za mwisho 13, pesa zikiwa zile zile. Aliyetaka kujibu alikwisha jibu, na waliobaki walikuwa wakionyeshwa kitanda kile kile kwa mara ya tatu na ya nne. Kama angefuata shauri lake la kwanza na kuhamishia pesa zote huku, wastani ungefika mara nane au zaidi na zile Sh500 zisingebaki Sh500. Bei ya kundi dogo ni ya kiasi kidogo. Kundi baridi ni ghali lakini ni pana, unaweza kuchota leo na kesho.

Alichoamua mwishowe ni hiki. Video mpya inakwenda taratibu kwa pesa kidogo kila siku tangu Kaskazi ilipoanza. Tangazo la chumba kwa kundi la nusu, la watazamaji wa siku 30, linawashwa wiki mbili kabla ya kila likizo ya shule na kuzimwa Frequency ikifika 3. Kundi baridi halikufungwa. Mwezi wa Mei na Juni, nyumba nyingi zikiwa zimefunga kwa mvua, hakuna kinachowashwa. Gharama ya video imeandikwa ukurasa mmoja na arubuni za kundi la nusu, ili zisomwe pamoja. Mpaka juzi daftari lilikuwa na arubuni 17, kumi za nusu na saba za baridi, na wageni wa zamani wamewekwa kando. Pasaka wanageuza miji.